Tabo inayosukuma kupita kiasi: kazi ya westigeti na ya vibao vinavyogeuka

"Shikamoo mwalimu. Nina pikapu ya dizeli ya lita 2.5, imetembea kilomita 210,000, na muda mwingi inazunguka mjini Dar es Salaam. Nikienda Iringa na mzigo, nikifika mlima Kitonga na kukanyaga mafuta kwa nguvu, inakata nguvu ghafla na taa ya injini inawaka. Nikisimama, nikazima na kuwasha tena, inarudi kama kawaida. Mashine ilisoma P0234. Fundi wa kwanza anasema westigeti imekufa, wa pili anasema tabo imechoka ninunue nyingine, wa tatu anataka kuifupisha fimbo ya tabo ili ivute vizuri. Nimsikilize nani?"

Marahaba, ndugu yangu. Tuanze na namba uliyosomewa, kwa sababu maana yake haibadiliki kutoka gari moja hadi jingine. P0234 inasema kwamba presha ya hewa iliyosukumwa na tabo imepita kiwango kinachoruhusiwa. Tabo iliyochoka, au inayovujisha hewa njiani, kwa kawaida huleta P0299, yaani presha haikufika ilipotakiwa. Fundi wako wa pili amesikia gari limekosa nguvu akahitimisha kwamba tabo haisukumi, kumbe tabo ilisukuma kupita kiasi, kompyuta ya injini ikaona hatari, ikapunguza dizeli kwa makusudi. Nguvu unayoikosa pale mlimani imezuiwa na kompyuta, na swali letu ni kwa nini presha ilimponyoka yule aliyepaswa kuizuia.

Tabo ni feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja fupi. Feni ya moshi inasukumwa na moshi unaotoka kwenye injini, na feni ya hewa, iliyo upande wa pili wa shafti, inavuta hewa safi na kuikandamiza kuingia kwenye silinda. Kwenye injini ndogo ya dizeli shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa ikiongezeka, kompyuta inaweza kuongeza dizeli. Dizeli ikiongezeka, moshi unatoka mwingi na wa moto zaidi. Moshi huo unaizungusha feni kwa kasi kubwa zaidi, na feni inaleta hewa nyingi kuliko mwanzo. Mzunguko huo unajilisha wenyewe. Usipowekewa kizuizi, presha itapanda hadi gasketi ya silinda hedi iungue, pistoni ipasuke, au shafti ya tabo ivuke kasi iliyoundiwa. Kizuizi hicho hupatikana kwa njia mbili, na mkanganyiko wa mafundi wako watatu umetokana na kuzichanganya.

Njia ya kwanza ni westigeti. Hiki ni kilango kidogo kilicho kwenye nyumba ya chuma ya feni ya moshi, kabla moshi haujaifikia feni yenyewe. Kikiwa kimefungwa, moshi wote unalazimika kupita kwenye feni. Kikifunguka, sehemu ya moshi inapita pembeni na kwenda moja kwa moja kwenye bomba la ekzosi bila kuizungusha feni, na kasi ya tabo inashuka. Kilango kinaendeshwa na fimbo inayotoka kwenye kopo la bati lenye kiwambo cha mpira na springi ndani yake. Springi inakivuta kilango kifunge. Upande wa pili wa kiwambo unapokea presha kutoka feni ya hewa kupitia mpira mwembamba, na presha hiyo ikizidi nguvu ya springi, fimbo inasukumwa na kilango kinafunguka. Kwa hiyo presha yenyewe ndiyo inayojipunguza, na kwenye mifumo ya zamani kazi yote hiyo ilifanyika bila waya hata mmoja. Magari ya baadaye yaliwekewa solenoidi, yaani valvu ya umeme, kwenye ule mpira mwembamba, ambayo humwaga sehemu ya presha kabla haijafika kwenye kopo, ili kilango kichelewe kufunguka pale kompyuta inapotaka hewa zaidi kuliko springi ingeruhusu.

Hapa nirekebishe jambo moja ninalolisikia karibu kila wiki. Westigeti haimwagi hewa ya tabo. Inapitisha moshi pembeni. Ule mlio wa "pshii" unaousikia kwenye baadhi ya magari ya petroli dereva anapoachia mafuta ni wa valvu nyingine kabisa, iliyo upande wa hewa, na injini nyingi za dizeli hazina haja nayo.

Njia ya pili ni ya vibao vinavyogeuka, na kwa maelezo yako nina imani kubwa kwamba ndiyo iliyo kwenye pikapu yako. Piga picha dirisha la luva, lile la vioo vinavyofunguka na kufunga kwa pamoja kwa mkono mmoja wa chuma. Ndani ya nyumba ya feni ya moshi kuna vibao vidogo vya chuma, mara nyingi kama kumi hivi, vilivyopangwa kwa duara kuizunguka feni, na vyote vimeshikwa na ringi moja. Ringi ikisogea kidogo, vibao vyote vinageuka kwa pamoja. Moshi wote unapita katikati ya vibao hivyo, hakuna unaokwenda pembeni. Kinachobadilika ni upana wa njia na pembe ambayo moshi unaigonga feni.

Injini ikiwa inazunguka taratibu, moshi ni mchache na ungepita kwenye njia pana kwa unyonge. Vibao vinafungwa hadi njia inakuwa nyembamba, na moshi unakaza mwendo, kama maji ya mpira wa bustani unapobana mdomo wake kwa kidole. Tena vibao vikiwa vimelala hivyo, moshi unaigonga feni kwa ubavu, pale unapoweza kuizungusha vizuri zaidi. Ndiyo maana dizeli ya aina hii inavuta mapema, bila ile subira ya tabo za zamani. Injini ikipanda mzunguko na moshi ukawa mwingi, vibao lazima vifunguke, la sivyo mambo mawili yatatokea kwa pamoja: feni itazunguka kupita kiasi na presha itaruka, na moshi uliobanwa utarudi nyuma kuisumbua injini isiweze kutoa pumzi. Bei ya uwezo huo ni kwamba vipande vinavyosogea vimewekwa ndani kabisa ya moshi wa moto. Moshi wa dizeli una joto dogo kuliko wa petroli, na hiyo ni sababu kubwa iliyofanya vibao vienee kwenye dizeli huku petroli nyingi zikibaki na westigeti. Hata Porsche walipoweka vibao kwenye 911 Turbo ya petroli mwaka 2006, ilibidi vitengenezwe kwa metali za kuhimili joto kali zaidi.

Sasa tufike kwenye tofauti ambayo ningependa kila mwenye gari la tabo aijue, kwa sababu inaamua upande wa kutafuta tatizo. Kwenye westigeti ya kawaida, presha ndiyo inayofungua kilango. Ule mpira mwembamba ukipasuka au ukichomoka, kopo halipati habari yoyote, springi inakishikilia kilango kifunge, na presha inapanda bila kizuizi. Kwenye vibao vinavyoendeshwa na vakyumu, yaani nguvu ya kunyonya hewa, mambo yamegeuzwa. Vakyumu kutoka pampu ya injini ndiyo inayovuta fimbo na kufunga vibao, na springi ndiyo inayovifungua. Mpira ukipasuka hapa, vakyumu inapotea, vibao vinabaki wazi, na gari linakuwa zito bila hatari kwa injini. Kwa maneno mengine, mpira mmoja wa bei ndogo ukipasuka unaleta presha ya kuzidi kwenye mfumo mmoja na presha pungufu kwenye mwingine. Fundi asiyejua anatazama mfumo upi anaweza kutafuta kwa siku tatu kitu ambacho hakiwezi kuwa chanzo.

Kutambua mfumo ulio nao hakuhitaji mashine. Fungua boneti injini ikiwa imezimwa, tafuta kopo na fimbo yake kwenye tabo, kisha mwombe mtu awashe injini huku wewe ukiitazama fimbo bila kuigusa. Kwenye westigeti ya presha fimbo haitatikisika, kwa kuwa injini ikinguruma bila kukanyagwa tabo haina presha ya kuisukuma. Kwenye vibao vya vakyumu utaiona ikivutwa mara tu injini inapowaka, mwendo wa kama sentimita moja, na kurudi polepole baada ya kuzima. Ukikuta boksi lenye plagi ya waya badala ya kopo lenye mpira, basi vibao vinasukumwa na mota ya umeme. Kwa walio na Toyota, 1KZ-TE ya zamani ina westigeti, na 1KD-FTV iliyoifuata ina vibao vya mota. Zipo pia westigeti za vakyumu kwenye baadhi ya petroli mpya, lakini hizo hazituhusu leo.

Turudi kwenye gari lako. Mjini Dar es Salaam unatembea mwendo mdogo, foleni kwa foleni, na kwa mwendo huo vibao vinachezea eneo finyu la upande wa kufunga. Masizi yanajikusanya kwenye ringi na kwenye vipini vya vibao, hasa katika eneo ambalo vibao havifiki. Ukifika Kitonga na mzigo, kwa mara ya kwanza baada ya majuma kadhaa, unakanyaga mafuta hadi mwisho, moshi unakuwa mwingi, na kompyuta inaamuru vibao vifunguke haraka. Vinafunguka hadi kwenye masizi, vinakwama. Presha inaruka, kompyuta inasubiri kidogo, haioni ikishuka, inaandika P0234 na kuingia katika hali ya kujilinda. Hali hiyo imewekwa idumu hadi uzime injini. Ukizima, amri inafutika, springi inapata muda wa kuvisukuma vibao, na ukiwasha gari linaonekana limepona. Masizi yako palepale.

Nikuonyeshe kwa mfano wa pikapu moja niliyoipokea karakana, yenye malalamiko kama yako. Kwanza niliwasha swichi bila kuwasha injini na kusoma sensa ya presha, ambayo kwenye mashine huandikwa MAP. Ilisoma kilopaskali 101, sawa na hewa ya kawaida usawa wa bahari, kwa hiyo sensa haikuwa ikidanganya. Ukifanya kipimo hicho Iringa mjini, usishtuke kuona karibu 84, kwa kuwa hewa ya kule juu ni nyepesi. Kisha tukaenda barabarani na mashine ikiwa imeunganishwa. Kwenye gia ya tatu, nikikanyaga hadi mwisho, kompyuta iliomba 220 na tabo ikapanda vizuri hadi hapo, lakini haikusimama: ikafika 262, ikabaki juu kwa muda kama wa kuhesabu hadi tatu, na gari likakata. Tabo kuvuka kidogo kiwango kilichoombwa na kurudi mara moja ni jambo la kawaida. Kuvuka na kubaki huko juu ndiyo dalili.

Tuliporudi nilichomoa mpira wa kopo na kuunganisha pampu ya vakyumu ya mkono. Nilipovuta, fimbo iliingia laini hadi mwisho na geji ya pampu haikushuka, maana yake kiwambo hakikuwa kimetoboka. Nilipoachia polepole, fimbo ilirudi, ikasita, ikaruka, kisha ikasimama milimita nne kabla ya mwisho wake. Nilipoisukuma kwa kidole ilifika, kwa ugumu wa mlango wenye mchanga kwenye bawaba. Kipimo hicho cha dakika kumi kilitosha. Tatizo halikuwa solenoidi, halikuwa sensa, na wala halikuwa shafti ya tabo, ambayo nilipoitikisa haikuwa na mchezo wa kutia shaka. Tulishusha tabo, tukaweka alama kwenye nyumba ya feni ya moshi ili irudi pembe ileile, tukaifungua, na ndani ringi ilikuwa imevaa masizi magumu ya rangi ya kijivu. Baada ya kusafisha hadi vibao vikacheza kwa uzito wake mwenyewe, jaribio la barabarani lilipanda hadi 231 na kurudi 220 papo hapo.

Sasa kuhusu pendekezo la fundi wa tatu, nakuomba usikubali kabisa. Kufupisha fimbo kwenye vibao vya vakyumu kunavisogeza vyote upande wa kufunga, na vikitakiwa kufunguka kabisa havitafika. Gari litavuta vizuri chini, jambo litakalokufurahisha kwa siku mbili za mjini, na Kitonga presha itaruka mapema kuliko sasa. Hata kama ingekuwa westigeti, kufupisha fimbo kunaongeza nguvu ya springi juu ya kilango na kuifanya presha ipande zaidi. Vilevile asiguse ile skrubu ndogo ya kikomo iliyo karibu na mkono wa vibao. Skrubu hiyo huwekwa kiwandani kwa mashine inayopima mtiririko wa hewa, na akiizungusha kwa macho hataweza kuirudisha mahali pake.

Ulicho nacho cha kuchagua ni kidogo. Ikiwa fimbo inasita kidogo tu, safari ndefu yenye moto wa kutosha, gia ya chini na injini ikiwa juu, inaweza kuvilegeza vibao, na dawa za kupulizia masizi zinasaidia baadhi ya magari. Sizipingi, ila nimeona mara nyingi tatizo linarudi baada ya miezi michache, kwa sababu dawa inalainisha yaliyo juu tu. Ikiwa fimbo inakwama kabisa kama kwenye mfano wangu, kushusha tabo na kuisafisha ndilo jambo la haki, na kazi hiyo ina thamani tu ikiwa shafti bado ni nzima. Ukikuta shafti inagusa ukuta, au vibao vimelika ncha, au mashimo ya vipini yamepanuka, usilipie usafi. Hapo tabo iliyotengenezwa upya na karakana yenye mashine ya kupima mtiririko ni bora kuliko ya mtumba, maana ile ya mtumba inakuja na masizi ya mtu mwingine, na hujui ilitembea kilomita ngapi.

Lipo jambo moja ambalo karakana nyingi hulisahau, na linanisikitisha kwa sababu mteja hulipa mara mbili. Masizi yana chanzo. Nozeli zinazomwaga dizeli vibaya, valvu ya kurudisha moshi iliyokwama wazi, au filta ya hewa iliyoziba, vyote vinaongeza masizi kuliko kawaida. Kama moshi wako ni mweusi ukikanyaga mafuta, chanzo hicho kitafutwe kabla tabo haijarudishwa, vinginevyo utakuwa unaisafisha tena mwakani.

Vipimo nilivyoeleza fundi mwenye pampu ya vakyumu na mashine ya kusoma namba hai za injini ataviweza. Kuna hali ambazo hazisubiri. Ukisikia sauti ya king'ora inayopanda na kushuka pamoja na mafuta, ukiona moshi wa bluu, au ukikuta mafuta ya injini yametuama kwenye mpira mnene wa hewa baada ya tabo, acha kuendesha na gari libebwe hadi karakana. Shafti inayovujisha mafuta upande wa hewa inaweza kuilisha injini ya dizeli mafuta hayo, na injini ikaendelea kunguruma kwa kasi hata baada ya kuzima swichi. Na kwa wenye mota ya umeme, usiruhusu ibadilishwe na mtu asiye na mashine ya kuifundisha kompyuta kikomo chake kipya, kwa kuwa tabo nzima itafanya kazi nje ya pembe zake.

Hadi utakapoipeleka, unaweza kuitumia mjini bila kuisukuma. Ukilazimika kupita Kitonga, punguza mzigo, panda kwa gia ya chini bila kukanyaga hadi mwisho, na usilipite lori lolote kwenye zile kona, maana gari linaweza kukata nguvu ukiwa upande usio wako. Likikata, usizime injini ukiwa kwenye mwendo, kwa sababu usukani utakuwa mzito na breki zitapoteza msaada wake. Tafuta pembeni palipo salama, acha injini ingurume dakika moja au mbili ili tabo ipoe, ndipo uzime.

Fundi akimaliza, usiridhike na taa iliyofutwa. Mwombe mpande naye mlima mrefu mkiwa na mzigo na mashine ikiwa imeunganishwa, akuonyeshe kwenye kioo mistari miwili, presha iliyoombwa na presha iliyopatikana, ikipanda pamoja, na ule wa pili ukishuka mara tu wa kwanza unaposhuka.